Dakika Nne kwa Kila Wasifu

Hesabu ya kwanza ya siku ya ajira ni ya saa. Tuseme waombaji 600 wanatarajiwa kupita mezani kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, na katikati kuna saa moja ya chakula. Zinabaki saa sita, yaani dakika 360. Wajitoleaji wa kuchuja wasifu wakiwa wanane, wote kwa pamoja wana dakika 2,880. Zigawe kwa watu 600, na kila mwombaji anapata dakika nne na sekunde 48. Toa muda wa kumkaribisha mtu, kutafuta kalamu iliyopotea, kwenda msalani, na kurudia wasifu ambao wasomaji wawili wametofautiana. Zinabaki dakika nne.

Ndani ya dakika hizo nne, mtu ambaye pengine hajawahi kuajiri hata msaidizi wa dukani anasoma kurasa mbili au tatu za maisha ya mwenzake, kisha anaandika namba itakayoamua kama mwenzake ataitwa kwenye usaili. Waandaaji wengi humpa nakala ya tangazo la kazi na kumwambia, "Tuchagulie wanaofaa." Mjitoleaji anaitikia, na kila mmoja anakwenda na "anayefaa" wake. Wa meza ya kwanza anaheshimu shahada. Wa meza ya pili anapenda wasifu uliochapwa vizuri. Wa tatu, bila hata kujua, anavutwa na aliyesoma shule aliyosoma yeye. Jioni yanapatikana marundo manane yenye vipimo vinane, na hakuna awezaye kumweleza mwombaji kwa nini ameachwa.

Shida hii haiko kwenye matukio madogo tu. Juni 2014, zaidi ya vijana 10,000 walifika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa ajili ya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Watu wakizidi nafasi kwa kiasi hicho, mchujo ndio uamuzi wenyewe, kwa sababu aliyeanguka hapo hataonwa tena na mtu yeyote.

Dawa yake ni karatasi moja ya A4, upande mmoja, iliyowekewa nailoni na kukaa mezani mbele ya kila mchujaji. Pembeni yake kuna vipande vidogo vya kujazia alama, kila kimoja robo ya A4. Kwa waombaji 600 zinahitajika karatasi 150 za kukata, na kila wasifu unapigwa pini pamoja na kipande chake. Lakini mtu akianza kuiandika karatasi hiyo bila kujua inatumika kwa nini, ataishia na kurasa tatu za maelekezo ambazo hakuna atakayezisoma.

Kwa maoni yangu kazi yake ni moja: wageni wawili wasiofahamiana, wakiusoma wasifu uleule, waandike namba ileile. Kumpata mwombaji bora kuliko wote ni kazi ya wasaili, nao watakuwa na muda wa kukaa naye. Mchujaji anatafuta vitu vilivyotajwa kwenye tangazo na kusema kama vimo au havimo. Kwa hiyo kila mstari wa karatasi ile lazima uulize jambo ambalo jibu lake linaweza kuwekewa kidole juu ya wasifu. Mstari usiowekewa kidole unafutwa, hata kama umenakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye tangazo.

Tuchukue tangazo la mfano, la aina tunayoiona kila siku. Kampuni ya usambazaji wa vinywaji inatafuta watunza stoo 12. Sifa zake: elimu ya kidato cha nne na kuendelea, uzoefu usiopungua miaka miwili katika kazi ya stoo, awe anajua kupokea na kutoa mali, kutunza kumbukumbu na kuhesabu mali, awe anajua kutumia kompyuta, hasa Excel, awe tayari kufanya kazi kwa zamu, ikiwemo ya usiku, mwenye cheti cha ununuzi na ugavi atapewa kipaumbele, awe mwaminifu, mchapakazi na anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa.

Anza na uaminifu, kwa sababu hapo ndipo wajitoleaji wengi huteleza. Mwajiri ana haki ya kuutaka, maana stoo isiyo na mtu mwaminifu ni duka la bure. Ila uaminifu hausomeki kwenye wasifu. Kinachosomeka ni neno "mwaminifu", na neno hilo huandikwa zaidi na waliochapiwa wasifu kwenye stesheneri yenye kielelezo kimoja kwa wateja wote. Ukilipa alama, umempa alama mwenye stesheneri. Uchapakazi na kufanya kazi bila kusimamiwa navyo vinaondoka kwa sababu hiyohiyo, vinangoja usaili na mazungumzo na wadhamini. Utayari wa zamu za usiku hauhitaji kupimwa. Unaulizwa na karani wa mapokezi kwa waombaji wote, naye anaweka alama ya vema kabla wasifu haujafika mezani.

Sifa zilizobaki zinagawanyika mara mbili. Kuna za lazima, ambazo mtu akizikosa hakuna haja ya kuendelea, na kuna za kupima kiwango. Kwenye tangazo letu za lazima ni mbili tu: kidato cha nne, na miezi 24 ya kazi ya stoo. Kwenye kipande cha alama zinaandikwa juu kabisa, kila moja na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Anayejaza "hapana" popote anaishia hapo, anaandika sababu, anachukua wasifu mwingine. Waandaaji hutamani kuongeza za lazima ili kupunguza rundo, na ninawaelewa, lakini tangazo likisema "atapewa kipaumbele", cheti hakiwezi kugeuka lazima asubuhi ya tukio. Kuna watu wamelipa nauli kuja kwa sababu tangazo liliwaruhusu.

Miezi 24 inaonekana rahisi hadi utakapokutana na wasifu ulioandikwa "2021–2023" basi. Aliyeanza Desemba 2021 akaacha Januari 2023 amefanya kazi miezi 14. Aliyeanza Januari 2021 akaacha Desemba 2023 amefanya miezi 36. Wote wawili wameandika kitu kilekile, na wote hawajadanganya. Bila kanuni, mchujaji mkarimu atahesabu mitatu na mchujaji mkali atahesabu mmoja. Karatasi iseme hivi: kama miezi haikuandikwa na mwombaji yupo mbele yako, muulize ulianza mwezi gani, ukaacha mwezi gani, uandike jibu. Kama ameondoka, toa mwaka wa kuanza kwenye mwaka wa kuacha, halafu zungushia duara ili usaili uhakikishe. Na kazi mbili zilizofanywa wakati mmoja zihesabiwe mara moja.

Swali hilo la miezi ndilo pekee ambalo mchujaji anaruhusiwa kuuliza. Nasisitiza, kwa sababu huruma huja mapema. Mwombaji amekaa mbele yako, wasifu wake una mapengo, nawe unajua ukimuuliza "hukuwahi kuandika leja?" atajibu ndiyo na atapata alama. Umemsaidia yeye, mwenzake wa meza ya sita, mwenye pengo lilelile, hakuulizwa.

Ipo pia kazi isiyo na mkataba. Hapa kwetu watu wengi wamejifunza stoo kwenye duka la mjomba, kwenye ghala la mazao la kijiji, au kwenye bohari ya vifaa vya msikiti au kanisa. Tangazo limesema uzoefu, halikusema ajira ya mkataba. Kwa hiyo karatasi iseme wazi kwamba kazi ya namna hiyo inahesabika iwapo mwombaji ametaja mahali, tarehe na alichokuwa akifanya. Sentensi hiyo isipokuwepo, nusu ya wachujaji wataikubali na nusu wataikataa, na wanaoumia zaidi watakuwa wanawake waliokesha kwenye maduka ya familia bila kuandikwa popote.

Sasa kiwango. Wapo wanaopenda kutoa alama kwa mia, au kwa kumi kwa kila sifa. Muulize mmoja wao tofauti ya sita na saba kwenye "kutunza kumbukumbu" ni nini, uone atakavyobabaika. Wakunga wana njia yao ya zamani na nzuri. Mwaka 1953 daktari Mmarekani, Virginia Apgar, alichapisha namna ya kumpima mtoto mchanga kwa mambo matano: mapigo ya moyo, upumuaji, uimara wa misuli, mwitikio na rangi ya ngozi. Kila jambo linapewa sifuri, moja au mbili, na jumla yake ni kumi. Muuguzi aliyechoka saa tisa usiku anaweza kuitumia, na mwenzake wa zamu inayofuata anaielewa. Ilidumu kwa sababu sifuri, moja na mbili zinaelezeka kwa maneno: haipo, ipo kidogo, ipo kamili.

Karatasi yetu inafuata mkondo huo. Mambo yanayopimwa ni matano: kupokea na kutoa mali, kutunza kumbukumbu, kuhesabu mali, kompyuta, na cheti cha ununuzi na ugavi. Kwa manne ya kwanza kanuni ni moja, na mchujaji anaizoea baada ya wasifu kumi hivi. Sifuri ni pale ambapo jambo halikutajwa. Moja ni pale lilipotajwa kwa jina tu, mfano "kuhesabu mali" ndani ya orodha ya ujuzi. Mbili ni pale mwombaji anapoeleza alilifanya vipi: kwa nyaraka gani, kwa chombo gani, kwa kiasi gani, au mara ngapi. Kimojawapo kinatosha. Kwa cheti, sifuri ni hana, moja ni bado anasoma, mbili ni anacho na ametaja chuo na mwaka.

Chini ya kila jambo karatasi inaweka maneno ambayo wenye kazi huyatumia, ili mjitoleaji aliye mwalimu au mhasibu ayatambue. Kwenye kumbukumbu, kwa mfano: leja ya stoo, bin kadi, hati ya kupokelea mzigo, vocha ya kutolea. Bin kadi ni ile kadi inayokaa rafuni kwa kila aina ya bidhaa, yenye safu za tarehe, kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Asiyeijua ataipita kama neno la kigeni, na mwombaji aliyeandika sentensi bora kuliko zote atapata sifuri.

Kuna agizo moja la namna ya kusoma ambalo nimeliona likipingwa kila mara: soma kwa ajili ya jambo la kwanza, andika alama, ndipo uende la pili. Wasomaji hupendelea kusoma wasifu wote, kuvuta picha ya mtu, kisha kujaza alama kulingana na picha hiyo. Hapo cheti kizuri kinapandisha alama ya kompyuta, na mwandiko mbaya unashusha alama ya kuhesabu mali. Daniel Kahneman, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alikutana na jambo hili mwaka 1955 akiwa na miaka 21 katika jeshi la Israel. Aliwataka wasaili wa askari wapya wapime tabia sita, moja baada ya nyingine, na kuandika alama ya kila moja kabla ya kugusa inayofuata. Wasaili walilalamika kwamba anawageuza mashine. Aliwakubalia watoe hisia yao ya jumla, lakini mwishoni, baada ya alama zote kuandikwa. Kwenye mchujo wa dakika nne mimi nisingeweka hata kisanduku hicho cha mwisho, kwa sababu wasaili wale walizungumza na askari, ilhali mchujaji amekutana na karatasi tu.

Tuone inavyokwenda. Kabla milango haijafunguliwa, kiongozi wa meza anawapa wajitoleaji wote wasifu mitatu ya kutunga, na kila mmoja anaipa alama peke yake. Mmoja unasema hivi: kidato cha nne 2016, cheti cha ununuzi na ugavi 2018, jina la chuo limetajwa, mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, 2019–2021, msaidizi wa stoo kwenye ghala la dawa, Machi 2022 hadi Agosti 2023. Chini ya kazi ya kwanza ameandika: "Nilipokea na kutoa vifaa kwa hati ya kupokelea mzigo na vocha." Chini ya kazi ya pili: "Kila mwisho wa mwezi tulihesabu dawa na kulinganisha na leja." Kwenye orodha ya ujuzi: "Kuandika leja. Kompyuta (Excel)."

Sifa za lazima kwanza. Kidato cha nne kipo. Kazi ya pili ni miezi 18 kamili. Ya kwanza haina miezi, lakini hata kwa hesabu ya kubana kuliko zote, Desemba 2019 hadi Januari 2021, ni miezi 14, na jumla inafika 32. Amevuka 24 kwa vyovyote vile, hivyo hakuna haja ya kuuliza. Mchujaji anayejua hili anaokoa nusu dakika.

Kwenye alama, mjitoleaji wa kwanza ametoa 8: mbili kwa kupokea na kutoa, moja kwa kumbukumbu, mbili kwa kuhesabu, moja kwa kompyuta, mbili kwa cheti. Wa pili ametoa 6. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu mstari wa kuitwa usaili umewekwa kwenye 7.

"Kaka, cheti umempa moja?" kiongozi anauliza.

"Sijakiona, dada. Hajaambatisha nakala."

"Na kuhesabu mali?"

"Amesema walihesabu kila mwezi, lakini hakusema mali ya thamani gani."

Mjitoleaji huyo hana kosa. Karatasi ndiyo haikumwambia kwamba cheti kilichotajwa kwa chuo na mwaka kinatosha, nakala itakaguliwa kwenye usaili; wala haikumwambia kwa sauti ya kutosha kwamba "kila mwezi" ni jibu la "mara ngapi", na moja kati ya hizo inatosha. Kiongozi anaongeza maneno hayo kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi zote nane. Zoezi zima linachukua kama nusu saa, na ni nusu saa ambayo waandaaji huipunja kwa sababu foleni imeshaanza nje. Mimi ningeanza kupokea watu saa tatu na nusu kuliko kuliruka.

Wasifu wa pili wa kutunga huwa mtego, na uwe mtego kweli. Una picha ya rangi, shahada ya utawala wa biashara, miaka mitatu ya kuhudumia wateja benki, maelezo yaliyonyooka. Stoo haimo hata mara moja. Kila kundi lina mtu wa kumtetea: "Huyu atajifunza kwa wiki." Pengine kweli. Lakini tangazo limetaka miezi 24 ya stoo, na walioko kijijini wasio na miezi hiyo walilisoma wakabaki nyumbani. Kisanduku ni hapana, sababu ni "hakuna kazi ya stoo", wasifu unaofuata.

Juu ya wasifu wa Tanzania mara nyingi kuna jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, hali ya ndoa, dini, na wengine bado huweka kabila. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza kumbagua mfanyakazi au mwombaji kazi kwa mambo hayo, pamoja na ujauzito, ulemavu, umri na mengineyo. Kenya ina kifungu cha 5 cha Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2007. Kumwambia mjitoleaji "usibague" hakusaidii kitu, maana hakuna anayejiona anabagua. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio la wasifu karibu 5,000 uliotumwa kujibu matangazo ya kazi Boston na Chicago. Ubora ulilinganishwa, majina yakabadilishwa. Majina yanayosikika ya Wazungu yalipata wito kwa asilimia 50 zaidi ya majina yanayosikika ya Wamarekani weusi. Kwetu jina linasema dini, mara nyingi na mkoa.

Kwa hiyo kipande cha alama kifanye kazi mbili. Kipigwe pini juu ya theluthi ya kwanza ya ukurasa, mahali panapokaa taarifa binafsi, kiifunike. Mchujaji anaona namba ya mwombaji iliyotolewa mapokezi na anaanza kusoma elimu na kazi. Haifichi kila kitu, kwa kuwa jina la shule au la chuo cha dini litajitokeza chini, na mwombaji mwenyewe anaweza kuwa ameketi mbele yako. Inapunguza tu, na inamkumbusha msomaji kwamba hapo si pa kutazama.

Kujuana kunahitaji kisanduku chake: "Namfahamu mwombaji." Ukikijaza, hutoi alama, unampa jirani. Hakuna anayeulizwa maswali zaidi. Na simu zisipige picha ya wasifu wa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na kabla ya sheria ilikuwepo aibu ya wasifu wa mtu kuzungushwa kwenye makundi ya watsapu.

Baada ya chakula mambo hubadilika. Msomaji aliyechoka huacha kutafuta na kuanza kukisia, na mara nyingi anakimbilia katikati: moja, moja, moja, moja, moja. Kiongozi anaweza kuliona hili bila kumsema mtu. Kila wasifu wa kumi unapewa msomaji wa pili ambaye haoni alama za kwanza. Tofauti ya alama moja inaachwa. Ikifika mbili, kiongozi anasoma mwenyewe na kuangalia ni mstari gani uliowatenganisha. Tofauti zikitoka kwenye meza moja, mwenye meza apumzike. Zikitoka kwenye mstari mmoja meza zote, ni maneno ya mstari huo yanayohitaji kurekebishwa. Pia chini ya kila kipande kuna nafasi ya sababu, mstari mmoja, unaotaja kilichoandikwa kwenye wasifu. "Anaonekana mzuri" na "hafai" hazipokelewi, kipande kinarudi.

Karatasi hii ina upofu wake, na waandaaji wawe tayari nao. Inapima jinsi mtu alivyoandika kazi yake. Mtunza stoo wa miaka kumi asiyejua kujieleza ataandika "nilifanya kazi za stoo" na kupata alama mbili au tatu, huku mwenye miaka miwili na rafiki mwandishi akipata tisa. Njia moja ya kupunguza hilo ni kuwaambia waombaji mapema, kwenye tangazo lenyewe na kwenye bango la foleni, mambo matano yatakayotazamwa na kwamba waeleze walivyoyafanya. Njia nyingine ni kutowatupa walio kati. Wenye 5 na 6 wapelekwe kwenye meza ya pembeni wapewe bin kadi tupu na orodha ya miamala kumi: kreti 40 za soda zimeingia, 15 zimetoka, 3 zimerudi zimevunjika, na kuendelea. Wajaze na kutoa salio. Aliyeishi stoo anamaliza kwa dakika tano, na atakuuliza kama zilizovunjika zina kadi yake. Anayetoa salio sahihi anaungana na wa alama saba.

Jioni kuna jaribu la mwisho. Nafasi za usaili ni 60, na waliofika alama saba au kupita meza ya bin kadi ni 83. Mwajiri atataka kupitia rundo tena na kutoa 23 "kwa kuangalia tu", na kwa hatua hiyo vigezo vinane vya asubuhi vinarudi kupitia mlango wa nyuma. Kanuni ya kupunguza inatakiwa iwe imechapwa chini ya karatasi tangu mwanzo: wanaanza wenye 10, kisha 9, kisha 8. Walio sawa kwenye nafasi za mwisho wanatenganishwa kwa alama ya kumbukumbu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mtunza stoo. Wakiwa bado sawa, wanatenganishwa kwa alama ya kuhesabu mali. Wakilingana na hapo, mwajiri aongeze viti vya usaili, au kura ipigwe mbele ya watu watatu na matokeo yake yaandikwe kwenye vipande.